Mzigo Ukichelewa, Mteja Apewe Nini?

"Ndugu wateja wetu, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Mizigo imechelewa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunaendelea kulifanyia kazi. Asanteni kwa uvumilivu wenu."

Hakuna aliyewahi kununua kitu kwa simu Arusha asiyeyajua maneno haya. Hukaa kwenye statasi ya WhatsApp saa 24, kisha hufutika yenyewe. Mteja wa Engutoto aliyekwisha kulipa shilingi 65,000 za blanketi anabaki palepale: hajui kama mzigo utafika wiki hii au mwezi ujao, wala hajui kama anaruhusiwa kudai pesa yake akanunue jingine Soko Kuu. Ameshukuriwa kwa uvumilivu ambao hakuulizwa kama anao.

Radhi ya muuzaji hupimwa kwa vitu vitatu: imefika lini, imetaja tarehe gani, na imerudisha nini mkononi mwa mteja. Maneno matamu yanakuja baada ya hapo, na mara nyingi hayahitajiki kabisa. Ili mambo hayo yaonekane vizuri, mwongozo huu unafuata duka moja la kubuni tangu siku mwenye duka alipopata habari mbaya hadi mteja wa mwisho alipomalizana naye. Bei zake ni za mfano pia, lakini mwendo wa mzigo ndio uleule wa kila siku: Guangzhou, bandari ya Dar es Salaam, Kariakoo, basi, Arusha, bodaboda.

Duka hili lipo Engutoto, jirani na Njiro, na halina fremu. Lina stoo nyumbani na ukurasa wa Instagram. Mwenyewe ni mama anayejua biashara ya msimu. Arusha huanza kuwa na baridi kali mwezi Juni, kwa hiyo mwezi Aprili alitangaza mablanketi mazito na kupokea oda 24, zote zimelipwa kamili kwa lipa namba. Aliahidi kwamba kila mtu atapata lake ifikapo Jumamosi, tarehe 30 Mei. Jumatano, tarehe 27, wakala wake wa Kariakoo akampigia: kontena limeshuka melini, lakini halijatoka bandarini.

Kosa la kwanza la wauzaji wengi hutokea saa hiyohiyo. Muuzaji hukaa kimya. Anajiambia kwamba huenda kesho mambo yakanyooka, na kwamba hakuna haja ya kuwatia watu wasiwasi bure. Siku ya ahadi ikifika ndipo anaanza kupokea ujumbe, naye anajibu, "Mzigo uko njiani, mpendwa." Jibu hilo likisemwa mara ya kwanza mteja anasubiri. Likisemwa mara ya pili anaanza kupiga picha za skrini na kuzihifadhi, kwa sababu sasa anajiandaa kwa ugomvi.

Habari ya kuchelewa imfikie mteja kabla ya siku aliyoahidiwa. Hata saa 48 zinatosha kubadilisha kila kitu, maana mteja bado ana nafasi ya kupanga mambo yake upya. Sheria nayo inaelekea hukohuko. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni Tanzania atimize oda ndani ya siku 30, isipokuwa kama yeye na mnunuzi wamekubaliana muda mwingine. Aliyeandika "siku 14" kwenye tangazo lake amejifunga kwa siku hizo 14. Na ikiwa bidhaa haipatikani tena, ni wajibu wake kumwarifu mnunuzi kabla muda haujaisha na kumrudishia pesa. Wauzaji wadogo wengi hawajawahi kuisikia sheria hii. Wanadhani kurejesha pesa ni hisani wanayoitoa wakipenda.

Marekani jambo hili lilikwisha kutozwa faini robo karne iliyopita. Krismasi ya mwaka 1999 ilikuwa ya kwanza kwa watu wengi kule kununua zawadi kwa intaneti, na maduka yakapokea oda kuliko uwezo wa maghala yao. Duka la vifaa vya kuchezea watoto la Toysrus.com liliwatangazia baadhi ya wateja, siku chache tu kabla ya sikukuu, kwamba mizigo yao haitawahi, na likawapa kila mmoja kuponi ya dola 100. Kuponi ya dola 100 si haba. Hata hivyo, Julai 2000, tume ya biashara ya nchi hiyo ilimaliza mashauri dhidi ya maduka saba, Toysrus.com na Macys.com yakiwemo, kwa malipo ya jumla ya dola milioni 1.5. Hoja ya tume haikuwa kwamba mizigo ilichelewa. Ilikuwa kwamba wateja hawakuarifiwa ipasavyo, na kwamba baadhi ya maduka yaliendelea kuahidi tarehe yakijua hayataziweza. Kanuni ya huko humtaka muuzaji aliyechelewa ataje tarehe mpya na ampe mteja ruhusa ya kufuta oda na kurudishiwa pesa yote. Akichelewa mara ya pili, kimya cha mteja hakihesabiwi tena kuwa ameridhia. Ni kanuni nzuri ya kuazima hata kwa mwenye oda 24 Engutoto.

Turudi kwa mama wa mablanketi. Ana siku tatu mkononi, na kabla hajaandika neno anahitaji tarehe. Hapa ndipo radhi nyingi huharibikia, kwa sababu muuzaji humuuliza wakala swali moja tu, "Lini mzigo utafika?", naye wakala, ambaye pia anataka kumaliza simu, hujibu, "Wiki ijayo." Wiki ijayo si tarehe. Tarehe hupatikana kwa kuuliza mzigo uko wapi hasa, hatua kwa hatua: kontena limeshuka melini? Kodi imelipwa na TRA wameliachia? Limeshatoka bandarini au limepelekwa bandari kavu? Litafunguliwa Kariakoo siku gani, na vifurushi vya Arusha vinapakiwa basi lipi? Wakala anayejua kazi yake hujibu yote kwa dakika tano. Asiyejua atababaika kwenye swali la pili, na kubabaika huko nako ni habari: pale alipokwama ndipo mzigo ulipo.

Mama alijibiwa kwamba kontena limeshushwa, kodi imelipwa, na linatarajiwa kutoka Jumatano, tarehe 3 Juni. Akahesabu: siku moja ya kufungua na kugawa Kariakoo, usiku mmoja wa basi kuja Arusha, siku moja ya kukagua, mbili za kusambaza. Akafika Jumatatu, tarehe 8. Mtu wa kawaida angewaambia wateja tarehe 8. Yeye aliongeza siku tatu, akaandika Alhamisi, tarehe 11 Juni, kwa sababu katika safari ya kilomita zaidi ya 600 kuna mambo mengi ya kukwama, na tarehe ya pili ndiyo asiyoruhusiwa kuikosa. Mteja aliyeahidiwa tarehe 11 akaletewa tarehe 9 atamsimulia jirani. Aliyeahidiwa tarehe 8 akaletewa tarehe 9, siku moja tu baadaye, atamsimulia jirani pia, ila kwa sauti nyingine. Kukadiria nusu ya siku ulizohesabu na kuiongeza juu yazo ni kipimo kizuri: siku tano zikazaa nane.

Tarehe iwe moja. "Kati ya tarehe 5 na 15" humfanya mteja asikie tarehe 5 tu.

Jambo la pili la kufanya kabla ya kuandika ni kuwapanga wateja, maana hawajacheleweshewa sawa. Mama alifungua daftari lake akaona makundi matatu. Kumi na watano walinunua blanketi la kulalia nyumbani; wiki mbili za kusubiri zinawaudhi, lakini blanketi likifika litafanya kazi ileile. Watatu walinunua kwa ajili ya watoto walioko shule ya bweni. Sita walisema tangu mwanzo kwamba ni zawadi ya harusi ya Jumamosi, tarehe 6 Juni. Kwa hao sita, blanketi la tarehe 11 ni sawa na blanketi ambalo halikuja. Kuwapunguzia shilingi 5,000 na kuwaomba wasubiri ni kuwatukana kwa adabu.

Ndiyo maana muuzaji mwenye busara huuliza wakati wa kupokea oda, "Unakihitaji kwa tarehe gani?" Swali hilo halina gharama. Arusha, kama kwingineko Tanzania, sehemu kubwa ya manunuzi ya maana hufungwa na siku: kitchen party, sendi-ofu, kipaimara, Idi, ufunguzi wa shule. Asiyeuliza atajua siku ya ugomvi.

Sasa fidia. Haki yake hutokana na alichopoteza mteja, na mpaka wake hutokana na faida ya muuzaji, basi. Blanketi la shilingi 65,000 lilimgharimu mama shilingi 45,000 hadi kufika stoo yake, kwa hiyo faida ni 20,000 kwa kila moja, na kwa yote 24 ni 480,000. Usafiri wa bodaboda ndani ya jiji, shilingi 3,000, ulikuwa juu ya mteja. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo ya kuchezea.

Kwa wale 15 wa nyumbani aliamua mambo mawili: usafiri uwe juu yake, na kila mmoja arudishiwe shilingi 5,000 kwenye simu yake siku hiyohiyo ya ujumbe, bila kungoja mzigo ufike. Hiyo ni 8,000 kwa kila mteja, jumla 120,000. Faida yake kwao ilishuka hadi 12,000 kwa blanketi, yaani 180,000. Kwa wazazi watatu wa bweni alilipa shilingi 5,000 za kupeleka kifurushi kwa basi hadi mjini karibu na shule, na kurudisha 5,000 nyingine, akabakiwa na 30,000 kwa wote watatu.

Wale sita wa harusi ndio kipimo halisi. Aliwapa hiari: pesa yote irudi leo pamoja na ya kutolea, au awatafutie blanketi la aina ileile Arusha na kuwafikishia kabla ya Ijumaa, tarehe 5, bila kuongeza senti. Tuseme wote sita walichagua la pili. Mama alizunguka maduka ya mjini akapata yanayolingana kwa shilingi 60,000. Ukitoa bodaboda, faida ni 2,000 kwa kila moja, 12,000 kwa yote sita. Kwa siku ile ni kama amefanya kazi ya bure. Lakini mablanketi sita yaliyokuwa yao yatafika tarehe 11 yakiwa hayana mwenyewe, baridi ikiwa imeshika, na kila moja lina faida yake ya 20,000.

Jumla ya mkononi ikawa 222,000, na mablanketi sita yakiuzwa kwa bei ya kawaida inapanda hadi 342,000. Alitarajia 480,000. Amepungukiwa na 138,000 na hajapoteza mteja hata mmoja. Muuzaji anayesema hana uwezo wa kulipa fidia afanye kwanza hesabu ya namna hii kwa kalamu. Mara nyingi hajaifanya, anaogopa tu.

Inafaa kusema neno juu ya fidia ambayo wauzaji huipenda kuliko zote: "Utapata punguzo la asilimia 10 kwenye oda yako ijayo." Hiyo ni ofa ya biashara iliyovaa nguo za radhi. Mteja aliyechoka kusubiri analazimishwa kununua tena kwa muuzaji yuleyule ili apate haki yake. Punguzo la oda ijayo linaweza kuwa nyongeza juu ya fidia ya kweli, likataja muda wa miezi kadhaa na lisiwe na masharti ya kununua kiasi fulani. Peke yake halitoshi. Zawadi ndogo za ndani ya kifurushi nazo, soksi au kikombe, hupendeza mzigo uliochelewa siku mbili. Mzigo wa wiki mbili unahitaji pesa.

Kiasi kinategemea pia mteja alikuwa amelipa nini. Aliyetoa kianzio cha nusu amefungiwa nusu ya pesa yake, na yule wa "nitalipa nikipokea" hajafungiwa chochote; huyu wa mwisho anastahili taarifa, tarehe, na usafiri wa bure, lakini si lazima arudishiwe pesa ambayo hakuitoa. Kuwapa wote sawasawa huonekana kama usawa, na aliyelipa kamili akijua ataona amefanywa mjinga kwa kuamini.

Kurudisha pesa kuna adabu yake. Mteja aliyelipa 65,000 akirudishiwa 65,000 kwenye M-Pesa au Airtel Money, akienda kwa wakala kuitoa anapata pungufu. Kwa hiyo pesa irudishwe na ya kutolea, kwa namba ileile iliyolipa, na muuzaji ahifadhi ujumbe wa muamala. Asiyefanya hivyo kwa namba ileile atakuja kujikuta amemtumia shemeji wa mteja, na deni bado lipo.

Baada ya yote hayo ndipo mama alipoandika. Ujumbe wake kwa kundi la kwanza, Alhamisi asubuhi, tarehe 28 Mei, ulikuwa hivi:

"Habari za asubuhi, Mama Fulani. Ni mimi wa mablanketi, Engutoto. Blanketi lako nililokuahidi Jumamosi hii tarehe 30 halitafika siku hiyo. Kontena limeshuka Dar lakini halijatoka bandarini. Naomba unisamehe, nilitoa ahadi kabla meli haijafika, na sikupaswa. Litakufikia ifikapo Alhamisi tarehe 11 Juni, na bodaboda ni juu yangu. Nimekurudishia pia 5,000 kwa namba uliyolipia, hata kama utaendelea kusubiri. Ukiona hutaki kusubiri, niambie tu neno 'rudisha', leo hii nakutumia 60,000 iliyobaki na ya kutolea. Nitakuandikia tena Alhamisi tarehe 4 kukujulisha limefikia wapi."

Ujumbe huu una mambo ya kutazama. Unaanza na salamu, maana hata mwenye kosa Arusha haingii na hoja bila kusalimia. Kwa mteja mtu mzima ungeanza na shikamoo, na hiyo haipunguzi uzito wowote wa kibiashara. Sentensi ya tatu ndiyo habari mbaya yenyewe, haikufichwa chini ya shukrani. Sababu imepewa mstari mmoja, ya kweli, inayoweza kuulizwa kwa wakala. Muuzaji ametaja kosa lililo lake: aliahidi kabla ya kuwa na mzigo. Hakumlaumu wakala, wala bandari, wala dereva. Mteja hana mkataba na hao. Kama kifurushi kimepotelea kwenye basi, kesi ya muuzaji na basi ni yao wawili, waimalize kwa risiti ya mzigo. Mteja asiburuzwe mle ndani wala asiambiwe asubiri hadi basi lilipe.

Na neno "rudisha" limewekwa ili kujitoa kuwe rahisi. Wauzaji wengi huogopa kutoa mlango huo wakidhani wote watatoka. Mtu anayeona mlango uko wazi hukaa kwa utulivu zaidi. Anayefungiwa ndiye anayepiga simu saa sita usiku.

Wale sita wa harusi hawakuandikiwa. Walipigiwa simu, mmoja mmoja, jioni ya Jumatano ileile, kabla ya ujumbe wa wengine. Jambo linalomharibia mtu shughuli yake halipelekwi kwa maandishi, na akiwa amepandisha hasira ni vizuri aimwage kwa mtu aliye upande wa pili wa simu kuliko kwenye kundi la kina mama wa kamati ya harusi. Baada ya simu muuzaji atume ujumbe mfupi wenye waliyokubaliana, tarehe na kiasi, ili neno la simu lisije kukumbukwa kwa namna mbili.

Njia ya kutuma ina mitego. Wengi hufungua kundi la WhatsApp, wakawatia wateja wote, wakaandika radhi moja. Matokeo yake kila mteja anaziona namba za wenzake, na hasira ya mmoja inakuwa ya wote. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na namba ya mteja ni taarifa yake, si mali ya duka kuigawa. Orodha ya matangazo ya WhatsApp ni bora, kwa kuwa kila mmoja hupokea kama ameandikiwa peke yake, lakini ina kasoro ambayo wengi hawaijui: ujumbe wake humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Mteja mpya mara nyingi hajaihifadhi. Kwa oda 24 hakuna sababu ya orodha. Kunakili ujumbe na kubadilisha jina, kiasi na tarehe ni kazi ya nusu saa.

Namba hizo zikae pia nje ya simu. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi, na Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutoka usiku. Mizigo ilikwama, na muuzaji ambaye mawasiliano yote ya wateja wake yalikuwa ndani ya inboksi ya Instagram hakuwa hata na pa kuanzia kuomba radhi. Daftari la shilingi elfu moja lenye jina, namba, alicholipa, na tarehe anayohitaji mzigo lingetosha. Ndilo hilohilo lililompa mama wa Engutoto makundi yake matatu.

Kwa kuchelewa kunakojulikana mapema, radhi haihitajiki. Kunahitajika tangazo la kweli. Viwanda vya China hufunga kwa wiki kadhaa kila Mwaka Mpya wa Kichina, ambao hubadilika kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Masika huharibu barabara za ndani za Arusha kila Machi hadi Mei. Mtu anayechukua oda za Februari kwa ahadi ya siku 14, kisha akaomba radhi kwa sababu "viwanda vimefungwa", anaomba radhi kwa kalenda.

Alhamisi, tarehe 4 Juni, mama aliandika kama alivyosema: kontena limetoka jana, linafunguliwa leo Kariakoo, tarehe 11 haijabadilika. Ujumbe huo wa katikati ni mfupi na wengi huuruka kwa kuwa hauna jipya. Mteja aliyewahi kudanganywa anausubiri kuliko mzigo wenyewe.

Je, tarehe 11 nayo ingeshindikana? Hapo hakuna radhi nyingine ya kuandika. Muuzaji arudishe pesa zote siku hiyo bila kuombwa, isipokuwa kwa mteja aliyesema kwa kinywa chake au kwa maandishi kwamba yuko tayari kuendelea. Mzigo ukifika baadaye unatangazwa upya kama bidhaa ya dukani, na hao waliorudishiwa wanaulizwa kwanza, kwa bei iliyopunguzwa, kabla ya watu wengine. Hii inauma, maana pesa ya mteja mara nyingi imeshaingia kwenye kontena. Kwa hiyo anayechukua malipo kamili kabla ya mzigo kufika atenge sehemu, hata moja ya tano ya pesa za oda, asiiguse hadi mgawo uishe. Asiyeweza kutenga kiasi hicho achukue kianzio kidogo badala ya malipo kamili.

Mablanketi ya mfano yalifika Arusha Jumapili, tarehe 7, yakakaguliwa, mawili yakakutwa na mshono uliofumuka. Hayo hayakupelekwa kwa mteja aliyecheleweshewa. Yalibadilishwa kutoka kwenye yale sita ya ziada, na yaliyofumuka yakauzwa kwa bei ya chini kwa wengine, kasoro ikiwa imetajwa. Kumpelekea aliyesubiri siku kumi kitu chenye dosari ni kumrudisha mwanzo wa foleni ya malalamiko.

Kufikia Jumatano, tarehe 10, wateja wote walikuwa wamepokea isipokuwa mmoja, ambaye hakujibu ujumbe wowote tangu tarehe 28 Mei. Kimya chake hakikuhesabiwa kuwa kibali. Alipigiwa mara mbili, asubuhi na jioni, akaandikiwa kwamba blanketi lake lipo na litamsubiri hadi Jumapili, tarehe 14. Baada ya hapo 60,000 iliyobaki itarudi kwa namba aliyolipia, pamoja na ya kutolea.